Mstari Mweusi Kwenye Kopi: Anza na Kioo Kabla ya Dramu

Ukipitisha rundo la karatasi kwenye mashine ya fotokopi na zote zikatoka na mstari mweusi ulionyooka toka ukingo hadi ukingo, mahali pale pale, usikubali haraka kwamba dramu imekwisha. Hilo ndilo jibu ambalo wenye maduka ya stesheneri hupewa mara kwa mara, na ni jibu la gharama. Mara nyingi chanzo ni chembe ya uchafu isiyofika hata nusu milimita, iliyonata kwenye kioo ambacho watumiaji wengi hawajui kama kipo.

Mashine ya fotokopi yenye fida, yaani ile sehemu ya juu inayovuta karatasi moja moja, ina vioo viwili vya kusomea. Kioo kikubwa kila mtu anakifahamu: ndicho unacholazia kitabu, cheti au kitambulisho, kisha unafunika. Kioo cha pili ni kipande chembamba kilicho pembeni yake, kwa kawaida upande wa kushoto, chenye upana wa kidole kimoja au viwili na urefu unaotoka mbele ya mashine hadi nyuma. Kinaonekana kama pambo la fremu, ndiyo maana kitambaa cha kufutia hukiruka. Lakini kila karatasi inayopita kwenye fida husomewa hapo, na kioo kikubwa hakihusiki kabisa.

Vioo hivi viwili havisomi kwa namna moja, na hapo ndipo siri ya mstari ilipo. Unapolaza karatasi kwenye kioo kikubwa, karatasi imetulia na taa ndiyo inayotembea chini yake, ikisoma kipande baada ya kipande. Chembe ikiwa imenata kwenye kioo hicho, taa huipita mara moja tu, na kwenye kopi inatokea nukta moja, mahali ilipo chembe. Kwenye fida mambo yanageuka. Taa inatulia chini ya kioo chembamba na karatasi ndiyo inayopita juu yake. Chembe ikikaa kwenye njia ya taa inakuwa kama kalamu iliyoshikwa pale pale huku karatasi ikivutwa chini yake: haiachi nukta, inachora mstari.

Hesabu yake si ngumu. Mashine inaposoma kwa kiwango cha 300 dpi, inchi moja hugawanywa katika nukta 300, kwa hiyo kila nukta ina upana wa takriban milimita 0.085. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, hivyo ikipita kwa urefu husomwa zaidi ya mara 3,500 kutoka mwanzo hadi mwisho. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho lenye haraka haliioni, inatosha kuziba nukta nzima, na itasomwa katika kila mojawapo ya mara hizo. Ndiyo maana uchafu ambao kwenye kioo kikubwa usingemsumbua mtu unaharibu ukurasa mzima ukiwa kwenye kioo chembamba.

Rangi ya mstari nayo inasema kitu. Uchafu mweusi huacha mstari mweusi au wa kijivu. Chembe nyeupe na safi inaweza isionekane kabisa kwenye sehemu tupu ya karatasi, ila ikikuta maandishi inayakata kwa uzi mweupe. Na kwenye baadhi ya skana za rangi utaona mstari mwembamba wenye rangi. Hiyo si hitilafu ya wino. Vihisio vya rangi nyekundu, kijani na bluu vimepangwa kwa kuachana kidogo, kwa hiyo chembe inaweza kuziba kimojawapo na kuviacha vingine.

Sasa turudi kwenye dramu, kwa sababu nayo kweli inaweza kuleta mstari au madoa, na haifai kuisingizia wala kuiachia bila uchunguzi. Mashine ya fotokopi ni mashine mbili katika sanduku moja. Ya juu inasoma na ya chini inachapa. Dramu, tona na sehemu inayopasha moto karatasi ziko chini, zinachapa tu chochote kilicholetwa. Kioo, taa na vihisio viko juu. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama doa limetoka juu au limetokea chini, na jibu lake unalipata bila kufungua hata skrubu moja.

Chapa ukurasa kutoka kwenye kompyuta, au iambie mashine itoe ripoti yake yenyewe ya mipangilio. Ukurasa huo haukusomwa na kioo chochote. Ukitoka na mstari, tatizo liko chini na kusafisha kioo hakutasaidia. Ukitoka safi, dramu haina kosa. Kisha chukua karatasi nyeupe mpya kutoka kwenye rimu, itoe kopi ukiwa umeilaza kwenye kioo kikubwa, halafu karatasi ile ile uipitishe kwenye fida. Mstari ukionekana kwenye kopi ya fida peke yake, kioo chembamba ndicho kichafu. Kama mashine inaweza kuskani na kutuma kwenye kompyuta, jaribio linakuwa fupi zaidi: skani ukurasa mmoja na uutazame kwenye skrini. Mstari unaoonekana kwenye skrini, kabla karatasi yoyote haijachapwa, hauwezi kuwa umetoka kwenye dramu.

Kuna dalili moja zaidi ya kuwatenganisha. Madoa ya dramu yenye jeraha hujirudia kwenye ukurasa kwa umbali ule ule, kwa kuwa dramu ni mcheduara unaozunguka. Dramu yenye kipenyo cha milimita 30, kwa mfano, humaliza mzunguko mmoja kila baada ya sentimita 9.4, kwa hiyo doa litajitokeza tena kila baada ya umbali huo, hadi mara tatu au zaidi kwenye A4. Uchafu wa kioo haujirudii hivyo. Ama ni nukta moja isiyohama, ama ni mstari usiokatika.

Nilishuhudia jambo hili kwenye duka la stesheneri lililo jirani na chuo, wakati wa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Wanafunzi walikuwa wakileta vyeti vya kuzaliwa na vya shule ili viskaniwe, na kila faili lililopita kwenye fida lilikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. Kwenye cheti kimoja ulipita katikati ya namba ya kumbukumbu, na tarakimu moja ikawa haijulikani kama ni 3 au 8. Mwanafunzi hakuwa radhi kupeleka kitu cha namna hiyo, na alikuwa na haki.

Fundi aliyeitwa alitazama kopi moja tu akasema, "Mama, dramu hii imekwisha. Na bledi yake tubadilishe kabisa."

Mwenye duka akamwambia, "Sawa fundi, lakini hii naiona hata kwenye kompyuta. Dramu imeingiaje humo?"

Hilo swali lilitosha. Walichapa ripoti ya mashine, ikatoka safi. Wakatoa kopi kwenye kioo kikubwa, ikatoka safi. Ya fida ikatoka na mstari wake. Kilichobaki ni kuitafuta chembe, na hapa kuna hila ndogo ambayo inaokoa muda mwingi.

Karatasi ikiingia kwenye fida, rola huizungusha na kuilaza kifudifudi juu ya kioo chembamba. Inageuzwa, lakini upande wake uliokuwa karibu nawe unabaki karibu nawe, na wa nyuma unabaki nyuma. Maana yake ni kwamba mstari unaweza kupimwa kwenye kopi na umbali ule ule ukahamishiwa kwenye kioo, ili mradi kopi imetolewa kwa asilimia 100 bila kukuzwa wala kupunguzwa. Kwenye duka lile mstari ulikuwa sentimita 6.2 kutoka ukingo wa kushoto wa ukurasa, na kwa jinsi karatasi zilivyowekwa, ukingo huo ndio uliokuwa upande wa mtumiaji. Upana wa A4 ni sentimita 21, nusu yake ni 10.5, kwa hiyo mstari ulikuwa sentimita 4.3 kutoka katikati ya karatasi, kuelekea mbele. Vizuizi vya trei ya fida ile vilisogea pamoja na kuiweka karatasi katikati, hivyo wakapima sentimita 4.3 kutoka usawa wa katikati ya vizuizi hivyo, juu ya kioo chembamba.

Kwa macho hapakuwa na kitu. Fundi alipopitisha ncha ya kidole taratibu, kidole kikakwama kidogo. Ilikuwa ni tone dogo la wino mweupe wa kufutia makosa, limekauka na kushika vumbi hadi likawa na rangi ya kioo chenyewe. Njia hii ya kidole si ya kubahatisha. Miongozo ya mashine za Brother, kwa mfano, inamwelekeza mtumiaji apitishe ncha ya kidole juu ya kioo chembamba ili ahisi kama kuna kilichonata. Kidole kiwe safi na kikavu, na baadaye kioo kifutwe, kwa kuwa mafuta ya ngozi nayo ni uchafu.

Wino mweupe uliokauka hautoki kwa kufuta kavu, na mtu anayeona hautoki ndipo hushika wembe. Usifanye hivyo. Mkwaruzo kwenye kioo chembamba ni mstari wa kudumu, hautasafishika tena na dawa yake ni kubadilisha kioo. Tena kwenye baadhi ya mashine kioo hicho kimepakwa utando mwembamba wa kukifanya kiteleze ili uchafu usinate, na wembe, unga wa kusugulia au sufi ya chuma huuondoa utando huo. Kinachofaa ni subira. Zima mashine na chomoa plagi, fungua kifuniko, lowesha kona ya kitambaa laini kwa maji kidogo na ukikamue hadi kisidondoshe, kisha kiweke juu ya tone kwa dakika moja au mbili. Likilainika, lisukume kwa ukucha au kwa ukingo wa kadi ya plastiki iliyolazwa, siyo iliyosimamishwa. Futa tena kwa kitambaa chenye unyevu, halafu kausha kwa kitambaa kingine kikavu. Likibaki, rudia kuloweka kuliko kuongeza nguvu.

Kuhusu dawa ya kusafishia, watengenezaji hawasemi jambo moja, na ni vyema kusoma maelekezo ya mashine yako. Kwenye mashine nyingi za Kyocera, kioo chembamba kinatakiwa kifutwe kwa kitambaa kikavu kinachokuja na mashine yenyewe, bila maji, sabuni wala kiyeyushi. Kwa mashine kama hiyo, tone gumu lililokataa kitambaa kikavu ni kazi ya kumwachia fundi. Canon huelekeza kitambaa kilicholoweshwa kwa maji na kukamuliwa vizuri, kisha kikavu. HP huruhusu dawa ya kawaida ya vioo isiyo na chembe za kusugua, ila inakataza asetoni, benzini, amonia na alkoholi ya ethili. Usipokuwa na mwongozo, anza na kitambaa kikavu, na kikishindwa nenda kwenye maji kidogo. Petroli, tina ya rangi na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha zisikaribie mashine, kwa sababu hata zikiacha kioo salama zitatia ukungu plastiki iliyokizunguka.

Lakini hata dawa iliyoruhusiwa inaharibu ikitumiwa vibaya. Usipulizie dawa moja kwa moja juu ya kioo. Majimaji hukimbilia kwenye ukingo, yanapenya kati ya kioo na fremu, na yakishakauka yanaacha madoa upande wa ndani ambako kitambaa chako hakifiki. Pulizia kwenye kitambaa, mbali na mashine, kisha ufute. Kitambaa nacho kisiwe cha kutoa nyuzi. Fulana kuukuu iliyochakaa na karatasi ya chooni huacha vumbi jingi kuliko walilolikuta, na watu wengi husafisha mstari mmoja wakazaa miwili kwa njia hiyo. Kitambaa cha maikrofaiba, kama kile cha kufutia miwani, ndicho kinachofaa zaidi.

Kioo chembamba kifute kwa urefu wake, kutoka nyuma kuja mbele, na upite kwenye kona kilipokutana na fremu, kwa kuwa vumbi husukumwa na karatasi na kujikusanya huko. Kijiti cha pamba cha masikioni kinafika vizuri kwenye kona hizo. Kisha tazama juu yake: kwenye upande wa chini wa fida, palipo mkabala na kioo chembamba, kuna rola au bamba jeupe linaloikandamiza karatasi. Nalo hushika wino na vumbi na kuurudishia kioo uchafu uliokwisha kuuondoa. Lifute pia, ukizungusha rola kwa mkono. Baada ya hapo washa mashine na upitishe karatasi nyeupe tupu kwenye fida, ukiwa umeongeza weusi wa kopi kwa hatua moja au mbili. Mstari hafifu uliobaki utajitokeza hapo. Mwenye duka yule alifanya hivyo, akakuta uzi mmoja mwembamba sana karibu na ukingo wa nyuma, akafuta mara ya pili, na karatasi iliyofuata ikatoka nyeupe.

Kioo kikubwa hakihitaji maelezo mengi. Hufutwa kwa namna ile ile, na alama za vidole ndizo adui wake mkubwa. Ila usiusahau upande wa chini wa kifuniko, ule mto mweupe unaoifunika karatasi. Ukitoa kopi ya kitambulisho cha NIDA, kadi inaziba sehemu ndogo ya kioo na sehemu yote iliyobaki inayosomwa ni mto huo. Madoa yanayotapakaa kuizunguka picha ya kadi, wakati kadi yenyewe ni safi, yametoka kwenye mto na siyo kwenye kioo. Ni rahisi kuhakiki: toa kopi ya kadi, kisha toa nyingine ukiwa umefunika kadi kwa karatasi nyeupe mpya. Madoa yakitoweka, futa mto kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni laini, uukaushe kabisa kabla ya kufunga.

Zipo hali ambazo kitambaa chako hakitasaidia. Mstari ukiwa upo kwenye kopi za fida na za kioo kikubwa vile vile, huku ukurasa uliochapwa kutoka kwenye kompyuta ukiwa safi, uchafu uko ndani: kwenye kioo cha kuakisi, kwenye kihisio, au kwenye ule ukanda mweupe ambao mashine huutazama kila inapoanza ili ijue weupe ni upi. Ukanda huo ukiwa na doa, mashine inadhani nukta ile inaona giza, inaiongezea mwanga, na ukurasa mzima unapata mstari mweupe au hafifu. Kopi nzima ikiwa na ukungu wa kijivu ilhali vioo vimesafishwa, hiyo nayo ni ya ndani. Hapo mwite fundi afungue, na umweleze ulichokwisha kujaribu, ili asianze na dramu. Kwa mashine zinazosoma pande mbili za karatasi kwa mpito mmoja, kuna kioo kingine ndani ya fida yenyewe. Mstari unaotokea kwenye kurasa za nyuma tu unatoka huko, na hicho unaweza kukifikia na kukifuta mwenyewe kama mwongozo unaonyesha jinsi ya kufungua.

Uchafu wenyewe huja na karatasi za wateja. Wino mweupe ambao haujakauka ndio mbaya kuliko vyote, ukifuatiwa na gundi ya picha za pasipoti zilizobandikwa kwenye fomu muda mfupi uliopita. Kuna na mihuri. Mteja anatoka kugongewa muhuri wa kuthibitisha nakala za vyeti, wino bado mbichi, anapita moja kwa moja dukani kutaka kopi nyingine. Karatasi hiyo ikiingia kwenye fida inaburuzwa juu ya kioo chembamba na kuacha ukungu wa bluu au zambarau, kisha kila mteja wa baadaye anaondoka na mstari wa muhuri usiokuwa wake. Pini za stepla zilizosahaulika huongeza kosa la pili, kwani hukwaruza. Mwenye duka yule sasa hupitisha kidole gumba kwenye muhuri na kwenye sehemu yoyote iliyofutwa kwa wino mweupe kabla ya kuamua. Karatasi yenye unyevu, yenye gundi au yenye kovu la pini huilaza kwenye kioo kikubwa hata kama foleni ni ndefu, na fida anaiachia karatasi kavu zilizonyooka. Kitambaa cha maikrofaiba kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye droo ya tona, na kioo chembamba hufutwa asubuhi kabla mashine haijawashwa.